Sura ya Tano: Bado Alama Ngapi?

Karatasi yenye faida kubwa kuliko zote katika muhula hutolewa wiki ya kwanza, na wanafunzi wengi huikunja wakaitia ndani ya daftari wasiifungue tena. Ni muhtasari wa somo. Humo mna jina la mhadhiri, mada za kila wiki na vitabu vya kusoma, na karibu na mwisho mna mistari michache inayosema kila kazi itabeba alama ngapi. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania mistari hiyo hugawa somo mafungu mawili: 40 za kazi za muhula, ambazo wanafunzi wenyewe huziita kosiweki, na 60 za mtihani wa mwisho. Sura hii inahusu mistari hiyo tu. Anayejua kuisoma anaweza kujua, siku yoyote ya muhula, amefika wapi na bado alama ngapi.

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza, anachukua shahada ya utalii. Anakaa kwao Bwejuu, na siku za masomo hupanda daladala kwenda Tunguu kupitia Paje na Jozani. Mitihani ilipokaribia alinikuta nimekaa barazani kwao, akaniamkia, akaniwekea daftari mapajani. Alikuwa ameandika alama zake zote za somo la takwimu: jaribio la kwanza 12 kati ya 30, jaribio la pili 18 kati ya 40, kazi ya nyumbani 14 kati ya 20, na kazi ya kikundi 8 kati ya 10. Chini yake alipiga mstari akaandika jumla: 52 kati ya 100.

“Mjomba, mie somo hili nishapita,” alisema. “Kufaulu ni 40, na mie nina 52 hata mtihani sijaufanya.”

Nilimwomba muhtasari wa somo. Aliutafuta kwenye mkoba mpaka akaupata, umekunjika mara nne. Nilimwonyesha mistari ya mwisho: jaribio la kwanza 15, jaribio la pili 15, kazi ya nyumbani 5, kazi ya kikundi 5, mtihani wa mwisho 60.

Ile 52 yake ilitokea kwa sadfa. Mhadhiri alisahihisha jaribio moja kwa 30, jingine kwa 40, kazi ya nyumbani kwa 20 na ya kikundi kwa 10, na namba hizo nne zikijumlishwa zinafika 100. Ndiyo maana jumla yake ilionekana kama alama ya somo zima. Lakini mhadhiri huchagua kusahihisha kwa 30 au kwa 40 kwa kufuata idadi ya maswali aliyotunga. Hilo halina uhusiano wowote na uzito wa kazi katika matokeo. Uzito unatoka kwenye muhtasari wa somo peke yake, na alama inayorudi na karatasi lazima igeuzwe kwanza iingie katika uzito huo, ndipo ijumlishwe na nyingine.

Mamake alikuwa ndani akitusikiliza. Yeye ni mkulima wa mwani, kama wanawake wengi wa pwani hii ya mashariki tangu kilimo hicho kilipoingia. “Kwa hivyo hizo alizoandika ni mbichi,” alisema. “Tajiri hapimi mbichi, anapima mkavu.” Sijapata kusikia maelezo mazuri kuliko hayo. Mwani ukitoka baharini gunia ni zito kwa maji, na mzani wa mnunuzi unasubiri mpaka umeanikwa ukakauka.

Basi tukaanika alama moja moja. Hesabu ni ileile kwa kila kazi: chukua ulichopata, gawa kwa alama zote za karatasi ile, kisha zidisha kwa uzito wake. Jaribio la kwanza: 12 gawa kwa 30, zidisha kwa 15, unapata 6. Jaribio la pili: 18 gawa kwa 40, zidisha kwa 15, unapata 6.75. Kazi ya nyumbani: 14 gawa kwa 20, zidisha kwa 5, ni 3.5. Kazi ya kikundi: 8 gawa kwa 10, zidisha kwa 5, ni 4. Jumla ni 20.25, na hiyo ni kati ya 40, si kati ya 100.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama angetafuta asilimia ya kila kazi na kuchukua wastani, asingepata jibu hilohilo kwa njia fupi. Wengi hufanya hivyo. Asilimia zake ni 40, 45, 70 na 80. Wastani wake ni 58.75, na asilimia 58.75 ya 40 ni 23.5. Hiyo imezidi ukweli kwa alama 3.25. Sababu ni kwamba wastani wa namna hiyo unaihesabu kazi ya kikundi yenye uzito wa 5 sawa na jaribio lenye uzito wa 15. Alifanya vizuri katika kazi nyepesi na vibaya katika kazi nzito, kwa hiyo wastani ukampendelea. Angekuwa amefanya vizuri majaribio na kuzembea kazi ndogo, wastani uleule ungempunja. Ukitaka kujua haraka kama hesabu yako imekosewa, angalia mambo mawili: hakuna kazi inayoweza kukupa zaidi ya uzito wake, na uzito wote ukijumlishwa lazima ufike 100 kamili. Muhtasari ambao uzito wake unafika 95 au 105 una kosa la uchapaji, na mhadhiri aulizwe mapema.

Kuna kosa jingine dogo ambalo huingia hapahapa. Mtu anaona 6.75 anaandika 7, anaona 3.5 anaandika 4, na 20.25 inakuwa 21. Usifanye namba kuwa nzima njiani. Beba desimali zako mpaka mwisho wa hesabu. Na kule mwisho, unapotafuta alama unayohitaji, namba ipandishwe juu daima, kwa sababu ukihitaji 32.9 na ukapata 32, hukufika.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Mpwa wangu ana 20.25. Kufaulu kwa ngazi yake ni 40. Zinazobaki ni 40 toa 20.25, yaani 19.75, na zote lazima zitoke katika mtihani wenye uzito wa 60. Lakini mtihani hausahihishwi kwa 60, unasahihishwa kwa 100. Kwa hiyo 19.75 inagawanywa kwa 60 na kuzidishwa kwa 100, tunapata 32.9. Akipata 33 kwenye karatasi ya mtihani, jumla yake inavuka 40. Wanafunzi wengi husahau kugeuza huku kwa mwisho. Wanaona wamebakiwa na 19.75, wanaingia chumba cha mtihani wakidhani 20 kwenye karatasi zinatosha. Alama 20 kwenye karatasi ni 12 tu kwenye matokeo.

Anayetumia kompyuta ataandika alama zake za muhula katika seli B5, kisha ataandika hivi katika seli nyingine:

```
=ROUNDUP((40-B5)/60*100,0)
```

Ile 40 ya mwanzo ndiyo lengo. Ibadilishe na utaona gharama ya kila daraja. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, C inaanzia 40, B inaanzia 50, B yenye alama ya kujumlisha inaanzia 60, na A inaanzia 70. Kwa mwenye 20.25, B inataka 50 kwenye karatasi ya mtihani, B+ inataka 67, na A inataka 83. Ukizitazama utaona kila alama 10 za matokeo zinakugharimu karibu 17 za karatasi. Ndivyo ilivyo kwa kila mwanafunzi wa mfumo wa 40 na 60, hata awe na alama gani za muhula, kwa sababu 10 gawa kwa 0.6 ni 16.67.

Lengo lenyewe linategemea ngazi ya masomo, na hapa ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kudanganyana bila kukusudia. Katika mfumo wa tuzo za ufundi unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, C ya stashahada, yaani ngazi ya 6, inaanzia 45, na C ya ngazi ya 4 na ya 5 inaanzia 50. Kaka wa mpwa wangu anachukua stashahada ya ukarimu wa hoteli. Kama naye angekuwa na 20.25 za muhula, kwa uzito uleule wa 40 na 60, angehitaji 24.75 kutoka kwenye mtihani, yaani 42 kwenye karatasi. Dada yake angemwambia 33 zinatosha, naye angeanguka kwa ushauri wa kweli uliotoka ngazi nyingine.

Mpaka hapa hesabu ni rahisi, na kama ingeishia hapa nisingeiandikia sura. Ninachotaka msomaji akielewe kwa undani ni sharti ambalo haliko kwenye mistari ya uzito. Liko kwenye kanuni za mitihani za chuo, na katika vyuo vingi linasema hivi: ili uruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho, uwe na angalau 16 kati ya 40 za muhula, na ili ufaulu somo, mtihani wenyewe uwe umekupa angalau 24 kati ya 60. Kila moja ni asilimia 40 ya fungu lake. Vyuo havifanani katika hili. Kuna vyenye masharti yote mawili, kuna vyenye moja, na kuna vinavyotazama jumla peke yake. Lazima usome kanuni za chuo chako na za ngazi yako, kwa sababu sharti hilo linabadilisha jibu la swali zima.

Tazama linavyofanya kwa mpwa wangu. Hesabu ilisema 33 kwenye karatasi zinamtosha. Lakini 33 kwenye karatasi ni 19.8 kati ya 60, na sharti linataka 24. Kwa chuo chenye sharti hilo hahitaji 33, anahitaji 40. Zile alama 7 alizodhani kazi za muhula zimempunguzia hazikumpunguzia kitu.

Na hili si kwake tu. Chukua mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani na 16 kamili za muhula, ndiye wa mwisho mlangoni. Anahitaji 24 nyingine ili afike 40, yaani 40 kwenye karatasi. Chukua sasa mwenzake mwenye 30 za muhula, ambazo ni nzuri kwelikweli. Kwa jumla peke yake angehitaji 10 tu kutoka kwenye mtihani, yaani 17 kwenye karatasi. Sharti linasema 40. Wote wawili, mwenye 16 na mwenye 30, wanahitaji 40 ileile ili wafaulu. Mahali penye masharti yote mawili, kazi za muhula zikishavuka 16 hazikusaidii tena kufaulu. Zinakusaidia kupanda daraja. Mwenye 16 akipata 40 kwenye karatasi anapata jumla ya 40, C ya ukingoni. Mwenye 30 akipata 40 ileile anapata 54, B. Hapo ndipo jasho lake la muhula lilipokwenda.

Nimewaona vijana wenye alama nzuri za muhula wakiingia kwenye mtihani wametulia kupita kiasi, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hili waziwazi. Mwenye 30 anayedhani amebakiza 17 yumo hatarini kuliko mwenye 16 anayejua amebakiza 40.

Mpwa wangu alitaka kuona namba za anayeanguka kwa njia hiyo, tukazitafuta. Tuseme anapata 38 kwenye karatasi. Mara 0.6 ni 22.8. Ongeza 20.25, jumla 43.05. Imevuka 40 bila wasiwasi. Lakini 22.8 ni pungufu ya 24, kwa hiyo somo limeanguka na anarudia mtihani, anakula sapu kama wasemavyo wenyewe. Anayeona matokeo ya namna hii ubaoni hudhani ameonewa, maana jumla yake ni kubwa kuliko ya jirani aliyefaulu kwa 40. Si kuonewa, ni sharti la pili limefanya kazi. Dalili yake ni hiyohiyo: jumla iliyovuka mstari na daraja lililo chini ya mstari. Ukiona hivyo, kabla hujapanda ofisi kulalamika, gawanya alama yako ya mtihani kwa 60 uone kama ilifika asilimia 40.

Na sapu ina hesabu yake tofauti. Katika vyuo vingi mtihani wa marudio unasimama wenyewe: alama za muhula zinawekwa kando, karatasi inasahihishwa kwa 100, na ukifaulu unapewa C hata kama ulipata 80. Maana yake zile 20.25 za mpwa wangu, na usiku aliokesha na wenzake kuandaa kazi ya kikundi, zinapotea zote siku anapokosa alama 2 kwenye karatasi. Sioni hasara kubwa kuliko hiyo katika maisha ya masomo, na inaepukika kwa kujua namba moja kabla ya kuingia chumbani.

Upande wa mwanzo, ule mlango wa 16, nao unataka kutazamwa mapema. Hapo ndipo kazi ndogondogo zinapoonyesha nguvu zake. Mpwa wangu alipopata 12 kati ya 30 katika jaribio la kwanza alikuwa na 6 mkononi. Kazi za muhula zilizobaki zilikuwa na uzito wa 25, na alihitaji 10 kutoka humo ili aruhusiwe kufanya mtihani. Hiyo ni asilimia 40 ya zilizobaki, si nyingi. Sasa mwondolee kazi ya kikundi, kwa mfano siku ya kuiwasilisha daladala imeharibika Kitogani na jina lake halikuandikwa. Anapoteza 4, anabaki na 16.25, robo tu juu ya mstari. Mwondolee na kazi ya nyumbani kwa kuichelewesha, anashuka mpaka 12.75, na mtihani wa mwisho anausikia kwa wenzake. Kazi mbili za uzito wa 5, ambazo wengi huziona za kujazia, ndizo zilizomfikisha mlangoni. Majaribio yake mawili yalimpa 12.75 tu kati ya 30.

Hesabu hii ya katikati ya muhula ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inafanywa wakati bado kuna la kufanya. Baada ya kila kazi kurudi, jumlisha zilizokauka, toa kwenye 16 au kwenye lengo lako, gawa zinazobaki kwa uzito wa kazi ambazo bado. Jibu likikaribia 1, yaani asilimia 100, umeshajua kabla ya kuambiwa. Likizidi 1, lengo hilo limeondoka na ni heri ushike la chini yake kuliko kulikimbilia lisilokuwapo.

Walimu wa sekondari watakumbuka mfano mkubwa wa jambo hili. Mwishoni mwa Oktoba 2013 Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ilitangaza kwamba alama za maendeleo zitachangia 40 katika matokeo ya Kidato cha Nne na mtihani wa mwisho 60. Zile 40 ziligawanywa hivi: mtihani wa Kidato cha Pili 15, mihula miwili ya Kidato cha Tatu 5 kwa kila mmoja, mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne 10, na kazi mradi 5. Tazama ile 15 ya Kidato cha Pili. Ndiyo kubwa kuliko zote katika 40, na mwanafunzi aliifanya miaka miwili nyuma. Aliyepata asilimia 30 katika mtihani ule alibeba 4.5 tu, na hakuna juhudi yoyote ya Kidato cha Nne ingeweza kumrudishia 10.5 alizoacha. Mipango ya sekondari imebadilishwa tena baada ya hapo, lakini mfano unabaki kuwa mzuri: uzito unapowekwa kwenye kazi ya zamani, swali la bado alama ngapi linajibiwa kwa sehemu kubwa kabla mtu hajaliuliza.

Turudi kwenye takwimu. Mpwa wangu aliamua hataki C ya 40 kwenye karatasi, anataka B+, na B+ inataka 67. Namba hiyo ikiachwa hivyo haimsaidii mtu kusoma, kwa hiyo tulitafuta karatasi za miaka iliyopita tuone inavyojengwa. Karatasi ya somo lake ina sehemu ya lazima yenye alama 40, kisha maswali marefu matano ya alama 20 ambayo mtahiniwa anachagua matatu. Tukagawa 67 yake: 28 kutoka sehemu ya lazima, na 13 kutoka kila swali refu. Hizo ni 28 na 39, jumla 67. Kila moja ni alama ya mwanafunzi anayejua somo lake vizuri bila kuwa bingwa.

Kisha nikamwuliza itakuwaje akijibu maswali marefu mawili na la tatu akaliacha tupu. Alipiga hesabu mwenyewe. Karatasi inabaki na 80, na 67 kati ya 80 ni karibu asilimia 84. Swali moja lililoachwa limemtoa kwenye kiwango cha B+ na kumdai kiwango cha A katika kila anachoandika. Hapo akaona mwenyewe namna ya kugawa usomaji: kujua mada za maswali manne marefu kwa kiasi cha 13, ili hata moja likigeuka gumu abaki na matatu ya kuchagua. Hilo lina faida kuliko kuzijua mada mbili kwa kiasi cha 18 na kubahatisha la tatu. Ukijaribu: 18 na 18 na 3, jumla ni 39, sawa na 13 mara tatu, lakini mada moja kati ya zile mbili isipotoka, hesabu yote imevunjika.

Kulikuwa na somo la pili lililomshughulisha, la lugha ya mawasiliano, ambalo tayari lilikuwa linaelekea B+, naye alitaka kujua wiki ya mwisho aipe lipi. Hapa uzito unaingia mara ya pili. Wastani wa mwisho, ile GPA, hauhesabu masomo sawa, unayapima kwa yuniti zake. Kwa kipimo cha pointi ambapo A ni 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2, unazidisha pointi za kila somo kwa yuniti zake, unajumlisha, kisha unagawa kwa yuniti zote. Takwimu ina yuniti 12, lugha ina 8. Kwa masomo hayo mawili peke yake, takwimu ikiwa B na lugha B+, ni 36 na 32, jumla 68, gawa kwa 20, ni 3.4. Kuipandisha takwimu kuwa B+ kunamfikisha 4.0. Kuipandisha lugha kuwa A kunamfikisha 3.8. Na gharama? Takwimu kutoka 50 mpaka 67 kwenye karatasi ni alama 17. Lugha alikuwa na 31 za muhula, kwa hiyo B+ inamtaka 49 na A inamtaka 65, alama 16. Gharama zinakaribia kulingana, faida haikulingana. Wiki ya mwisho aliipa takwimu.

Jambo la mwisho tulilofanya lilikuwa la karani zaidi kuliko la mwanafunzi. Alama za muhula hutolewa kabla ya mitihani, zibandikwe ubaoni au ziwekwe kwenye mfumo wa wanafunzi mtandaoni, na kipindi hicho kifupi ndicho cha kuzilinganisha na hesabu yako mwenyewe. Makosa yanayotokea ni machache na yanafahamika. Kazi moja haikuingizwa, na jumla inapungua kwa kiasi kilekile ulichopata katika kazi ile baada ya kugeuzwa. Au alama mbichi imeingizwa bila kugeuzwa, na jaribio la uzito wa 15 linaonyesha 18. Au la pili limegeuzwa kwa 30 badala ya 40, na 6.75 inakuwa 9, kosa ambalo mwanafunzi hulifurahia mpaka siku ukaguzi wa mitihani unapolirekebisha na somo lililopangwa kwa 22.5 linarudi 20.25. Mpwa wangu alikuta 16.75. Tofauti na hesabu yake ilikuwa 3.5, kamili kama kazi yake ya nyumbani. Aliichukua karatasi iliyosahihishwa, yenye 14 kwa wino mwekundu na saini, akaipeleka kwa mhadhiri siku iliyofuata. Ilirekebishwa kabla orodha ya watahiniwa haijafungwa.